Kumi na tisa juu ya hamsini

Nilikuwa kidato cha tatu, Wete, msimu wa karafuu umeshika, tulipofanya jaribio la kemia ambalo karatasi yake ninayo hadi leo. Nilipata 19 juu ya 50. Maalim alipogawa karatasi niliikunja ile kona yenye alama, kama tulivyokuwa tukifanya sote, nikaipachika ndani ya daftari ili jirani asiione. Kwetu mtihani ulikuwa unakufa hapo. Ukipata nyingi unatembea nayo mkononi mpaka nyumbani, ukipata chache unaificha, na katika hali zote mbili hakuna anayeirudia kuisoma.

Safari hii maalim alitupa na nusu karatasi tupu. Alitaka tuandike mambo matatu: tulijitayarisha vipi, alama zilipotelea wapi, na tutabadilisha nini kabla ya jaribio lijalo. "Dakika 20," akasema, "na haina maksi." Kusikia haina maksi, nusu ya darasa ikaweka kalamu chini.

Mimi niliandika mistari miwili: "Sikusoma vya kutosha na sikuwa makini. Nitasoma kwa bidii." Kesho yake ikarudi ina wino mwekundu. Neno bidii limezungushiwa duara, na pembeni ameandika, "Bidii ngapi?" Chini ya sikuwa makini ameandika, "Wapi? Nioneshe mstari."

Nilikasirika. Niliona ananitafutia maneno tu, kwa sababu kila mtu anajua maana ya kutokuwa makini. Lakini alitaka ile nusu karatasi irudi Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi usiku nikaitoa. Tulikuwa ukumbini, tumekaa mkekani na bibi na wadogo zangu, tunachambua karafuu zilizotoka shamba la babu Mtambwe: karafuu huku, makonyo kule. Mikono ikiwa imejaa utomvu na harufu, nikaiweka karatasi ya mtihani mbele yangu kwenye mwanga wa taa, nikaanza kuzihesabu alama nilizokosa, moja moja. Zilikuwa 31. Sikuwa nimewahi kuzihesabu zilizopotea; siku zote nilihesabu zilizobaki.

Swali la nne sikuligusa kabisa. Lilikuwa la kuzipa majina haidrokaboni, na lilikuwa na alama 8. Sikuligusa kwa sababu mada ile ilifundishwa wiki niliyokuwa shamba, na daftari la mwenzangu sikuliazima. Hapa hakuna kosa la mtihani. Huwezi kukosea kitu usichowahi kukifungua. Alama 8 hizi ni za matayarisho, basi.

Zilizobaki 23 ndizo zilizonishangaza, maana maswali yale niliyasoma. Tuchukue la titresheni, yaani kudondosha asidi kidogo kidogo mpaka iimalize kemikali nyingine. Tulipewa sentimita za ujazo 25 za sodiamu kaboneti yenye ukolezi wa moli 0.05 kwa lita, imemalizwa na sentimita za ujazo 20 za asidi ya haidrokloriki kutoka kwenye bureti, na tukatakiwa kutafuta ukolezi wa asidi. Nilikokotoa moli za kaboneti: 0.05 mara 0.025, nikapata 0.00125. Sawa. Kisha nikaigawa hiyo hiyo kwa 0.020, nikaandika 0.0625, nikaipigia mistari miwili chini kwa furaha.

Mlingano niliuandika pia, lakini chini, baada ya jibu, kwa kuwa nilijua una alama yake:

Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2

Hiyo 2 mbele ya HCl inasema kila moli moja ya kaboneti inakula moli mbili za asidi. Kwa hiyo moli za asidi ni 0.0025, na jibu ni 0.125. Nilikuwa nimeiandika 2 kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuitumia. Nilipofungua maswali mengine mawili ya sampuli ile nikakuta jambo lile lile: hesabu kwanza, mlingano mwisho, uwiano wa moli moja kwa moli moja. Sehemu tatu, kosa moja, jumla alama 9. Nikauona ule mstari maalim aliotaka nimuoneshe. "Sikuwa makini" lingenifanya nijilaumu tu. Lakini "naandika hesabu kabla ya mlingano" ni kitu ambacho mtu anaweza kukigeuza.

Alama 4 nyingine zilikwenda kwenye vipimo. Swali lilitaka uzito wa sodiamu haidroksaidi, ambayo moli yake moja ina gramu 40, katika sentimita za ujazo 250 za mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita. Mimi nilizidisha 0.1 kwa 250 kwa 40, nikaandika gramu 1000. Sikugeuza sentimita kuwa lita. Jibu ni gramu 1. Nilipomsomea mama jibu langu akacheka mpaka akaweka ungo chini. Yeye na wenzake walikuwa wakipika sabuni, na sodiamu haidroksaidi ndiyo ile kostiki soda wanayoinunua. "Kilo nzima ya kostiki ndani ya robo lita ya maji? Mwanangu, hiyo chupa itakuunguza kabla hujaifunika." Hakusoma kemia hata siku moja, lakini aliona kwamba jibu haliwezekani, na mimi niliyesoma sikuona.

Alama 4 zilipotea kwenye swali lililotaka maelezo ya sababu, nami nikaorodhesha majina. Masomo yetu ya sayansi yalikuwa kwa Kiingereza, na kuna vitenzi vya maswali ambavyo tulivisoma vyote kama kitenzi kimoja: andika unachojua. Za mwisho 6 ni swali la tano ambalo nililiacha nusu, kengele ikagonga.

Nane, tisa, nne, nne, sita. Thelathini na moja. Zilipotimia nikahisi kama nimefunga hesabu ya duka.

Zile 6 za muda nilitaka kuziandika "muda haukutosha". Nikakumbuka wino mwekundu. Tulikuwa na vipindi viwili, dakika 80, kwa alama 50, yaani dakika moja na nusu na kidogo kwa kila alama. Swali la pili lilikuwa la alama 10, haki yake dakika 16. Nilipojaribu kukumbuka, nilikuwa nalo bado wakati mwenzangu wa mbele alipoomba karatasi ya ziada, na hapo saa ya ukutani ilikuwa imekwishapita nusu saa tangu nilianze. Nilikuwa nafuta na kuandika upya jedwali la bureti ili lipendeze. Muda ulitosha, niliulisha mahali pamoja.

Jumatatu nilimpelekea, na nikadhani nimemaliza. Akaniuliza swali ambalo hadi leo naona ndilo gumu kuliko yote katika jambo hili: "Hizi 9 za uwiano, umejuaje kwamba ni kosa la mkono, si kwamba hukuelewa?" Sikuwa na jibu. Akanifundisha namna ya kupima. Chukua swali lile lile, au ndugu yake lenye namba tofauti, ukae nalo daftari limefungwa na saa imefichwa. Ukilipata lote, basi ujuzi ulikuwapo na kilichokuangusha ni haraka, muda au tabia ya mkono. Usipolipata, fungua daftari ujaribu tena. Ukilipata sasa, ulilisoma lakini halikukaa, na hilo ni la matayarisho. Usipolipata hata daftari likiwa wazi, hukuelewa, na hapo dawa ni mtu wa kukueleza, hata usome mara kumi peke yako. Alitaka tulifanye ndani ya siku mbili tatu, kabla hatujasahau tulichokuwa tunafikiri tulipoandika.

Nilijaribu maswali matatu ya titresheni kwa njia hiyo. La kwanza nikakosa tena, uwiano ule ule. Nikafungua daftari: nikapata yote matatu, bila tabu. Kwa hiyo kosa nililoliita la mkono lilikuwa na mzizi wake kwenye matayarisho. Hapo ndipo nikalazimika kuijaza kwa uaminifu ile sehemu ya kwanza niliyokuwa nimeiruka.

Matayarisho yangu yalikuwa hivi. Saa 6 jumla, usiku wa Jumatatu na Jumanne, jaribio Jumatano. Katika hizo, saa 5 nilisoma daftari kuanzia juu mpaka chini, nikarudia, nikapigia mistari kwa kalamu ya rangi. Saa moja nilifanya mifano, daftari likiwa wazi pembeni, na kila nilipokwama jicho lilikwenda lenyewe kwenye jibu. Sikuwahi hata mara moja kuanza swali la titresheni kutoka karatasi tupu. Mara ya kwanza kufanya hivyo ilikuwa ndani ya chumba cha mtihani.

Ndiyo maana sasa nasisitiza kutenganisha sehemu hizi mbili kwanza, kisha ndiyo kuziunganisha. Ningeanza na "sikusoma vya kutosha", ningeongeza saa za kupiga mistari na kosa lingebaki pale pale, kwa sababu saa 6 si chache sana kwa jaribio moja. Na ningeishia kwenye "mkono ulikosea", ningeingia jaribio la pili nikiwa nimejiambia tu niangalie vizuri. Aina ya kosa ilinipeleka kwenye aina ya kusoma.

Sehemu ya tatu, ya mabadiliko, niliiharibu. Niliandika saba: kuamka alfajiri, kusoma kila siku, kufanya pepa zote zilizopita, kuacha kukaa barazani jioni, na mengine ya namna hiyo. Maalim akayakata matano. Akasema chagua mawili, kila moja liwe na siku, mahali na idadi, na useme linakwenda kuokoa alama zipi. Yaliyobaki baada ya kalamu yake yalikuwa haya. Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, kwenye chumba cha uani, maswali matano ya titresheni kwa daftari lililofungwa, na mlingano uandikwe kwanza ndani ya kisanduku, uwiano wake chini ya kisanduku, kabla ya namba yoyote. Hilo ni kwa ajili ya zile 9. Na kila jibu lenye kipimo nilisome kwa sauti na kuuliza kama mama atacheka. Hilo ni kwa zile 4.

Zile 8 za haidrokaboni hakunihesabia kama badiliko. "Hizo kaazime daftari leo," akasema, "hiyo si mikakati."

Nusu karatasi zetu akazichukua, akazitia kwenye faili la kadibodi, akalifungia kabatini. Tulisahau. Wiki moja kabla ya jaribio lililofuata akazigawa tena. Darasa zima likanyamaza kwa aibu, kila mtu anasoma ahadi yake mwenyewe kwa mwandiko wake mwenyewe. Mimi kati ya Jumamosi 5 nilikuwa nimetimiza 3. Mbili zilikwenda shamba, na pishi za karafuu nilizochuma ndizo zilizolipia sare yangu, kwa hiyo sizijutii. Lakini kile kikaratasi kuja wiki moja kabla, badala ya siku ya matokeo, ndicho kilichonifanya nizifidie zile mbili.

Miaka baadaye, nilipokwenda Unguja kusoma ualimu, niligundua jambo hili si la maalim wetu peke yake. Marsha Lovett, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Marekani, aliliandika mwaka 2013 kwa maswali yale yale matatu, na kwa sharti lile lile la kurudishiwa wanafunzi karatasi zao wanapojitayarisha kwa mtihani unaofuata. Sijui maalim alilitoa wapi, sikuwahi kumuuliza.

Jaribio la pili nilipata 27. Ningependa kuandika kwamba kila kitu kilikaa sawa, lakini karatasi ninayo mwenyewe. Alama za vipimo zilizopotea: sifuri. Za uwiano: 2, kwenye swali lenye asidi ya salfuriki ambapo kisanduku niliandika lakini mlingano wenyewe sikuusawazisha. Za muda zilipanda kutoka 6 hadi 11. Visanduku na kusoma kwa sauti ya moyoni vilinila dakika, na maswali mawili ya mwisho niliyaona kwa mbali. Kama ningetazama jumla tu ningesema njia inafanya kazi, au ningetazama swali la mwisho tupu nikasema haifanyi. Kwa kuwa hesabu ilikuwa imetengwa, niliona kwamba badiliko la kwanza limefaulu na limezaa tatizo jingine, ambalo dawa yake ni tofauti: safari hii maswali matano ya Jumamosi niliyafanya mbele ya saa, na kwenye mtihani nikaandika pembeni mwa kila swali dakika ya kuliacha.

La tatu nilipata 38, nikafurahi kupita kiasi, na sikuandika nusu karatasi yangu. Niliona sina cha kuchambua. Maalim hakunigombeza. Alinipa kalamu, akaniambia niweke nukta kwenye kila jibu sahihi ambalo nisingeweza kumueleza mwenzangu kwa nini ni sahihi. Nilijaribu kudanganya kidogo, lakini aliniketisha mbele yake. Nukta zikafika alama 9. Nne zilikuwa maswali ya kuchagua niliyobahatisha. Tano zilikuwa maelezo niliyokariri kutoka pepa ya zamani, neno kwa neno, likatokea swali lile lile. Kwa hiyo nilichokuwa nacho kwa hakika ni 29, mbili tu zaidi ya mara iliyopita. Tangu siku ile, alama za bahati nazihesabu pamoja na zilizopotea, na naona ndizo hatari zaidi kwa mwanafunzi anayekwenda kukaa mtihani wa taifa wa kidato cha nne, kwa kuwa hazina wino mwekundu wa kumuonya.

Sasa nami nafundisha, hapa hapa Pemba, na faili la kadibodi ninalo. Nimepunguza mambo mawili ya maalim wangu. Sifanyi hivi kwa kila zoezi dogo, maana ukiwapa nusu karatasi kila wiki wanaanza kukuandikia unachotaka kusikia. Nafanya kwa majaribio makubwa tu, matatu au manne kwa mwaka. Na sizisomi mbele ya darasa. Mtoto akijua mwandiko wake utasomwa hadharani, atakuandikia "bidii" mpaka amalize skuli.

Muhula huu kuna kijana alinirudishia nusu karatasi yenye sehemu ya pili safi kabisa, kila alama ina nyumba yake: 12 juu ya 50, na zilizopotea 38, 26 kati ya hizo ni za maswali ambayo alipojaribu tena daftari likiwa wazi aliyapata. Yaani anaelewa darasani, halikai. Sehemu ya kwanza aliandika mstari mmoja: "Jioni nauza pweza sokoni na kaka yangu, narudi saa 4 usiku." Kwenye mabadiliko akaandika, "Nitaacha kuuza pweza."

Nilimwita. Nikamuuliza kama kaka yake anajua kwamba anaacha. Akatazama chini. Nikaufuta ule mstari kwa kalamu yangu, na tukatafuta saa nyingine. Anafika skuli dakika 30 kabla ya kengele kwa sababu daladala yake ya kwanza ni ya mapema, na dakika hizo hukaa chini ya mwembe akipiga soga. Tukaandika: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, dakika 20, darasa la mwisho, maswali mawili kutoka somo la wiki iliyopita, daftari limo mkobani na mkoba uko mlangoni. Alitaka kuongeza Jumanne na Ijumaa. Nikamkatalia.

Wiki ya kwanza amekuja siku mbili, ya pili tatu. Jumatano iliyopita nilimkuta ameuweka mkoba kwenye kiti cha pili badala ya mlangoni. Nikausogeza kwa mguu bila kusema kitu, akacheka. Jaribio ni tarehe 14, na karatasi yake itatoka kabatini wiki ijayo.